Aliyefunga Milango ya Bwawa

Katika idara ya uchapishaji ya chuo, wanafunzi wa shahada za juu walimwita Koleo, na jina hilo hawakumpa kwa mapenzi. Ulimpelekea sura yako ukijiona mwanazuoni aliyekamilika, ukarudishiwa kitu kilichojaa viduara vyekundu mpaka unaionea huruma karatasi. Kila kiduara kilizunguka jina la kitendo, na pembeni yake limeandikwa neno moja tu: Nani?

Tuseme uliandika, "Zoezi la ukusanyaji wa maoni ya wakulima lilikabiliwa na uwepo wa changamoto za upatikanaji wa ushirikiano." Koleo alivua miwani, akakuuliza kwa upole wa kutisha, "Mwanangu, ulikusanya maoni, au hukukusanya?"

"Nilikusanya, mama."

"Ikawaje?"

"Wengi walikataa kuzungumza nami."

"Basi si uandike hivyo? Nilikusanya maoni ya wakulima, lakini wengi walikataa kuzungumza nami. Kuna ubaya gani?"

Mwanafunzi alijikuna kichwa. Ubaya ulikuwepo, na Koleo aliujua kuliko yeye. Sentensi ikishakuwa wazi namna hiyo, mtahini ataona mlango wa kuingilia. Atauliza wengi ni wangapi, na walikataa kwa sababu gani. Ile ya kwanza ilikuwa na blanketi, na wasomi wengi, tusidanganyane, huandika kwa ajili ya blanketi.

Lakini asidhaniwe mchinjaji. Wahariri wa mkono mwepesi walimkera kuliko waandishi wa mkono mzito. Kuna majina ya vitendo ambayo ni istilahi, yana sheria yake na taratibu zake. "Tathmini ya mali" katika mambo ya ardhi hukuigusa ukabaki salama mbele yake. Neno "inaelekea" hulifuti kwa sababu tu sentensi imekuwa nzuri bila hilo. Na mtafiti akiandika kwamba kuna uhusiano kati ya umaskini na utoro shuleni, usimgeuzie ukasema umaskini huwafanya watoto watoroke. Yeye kaona vitu viwili vinatembea pamoja. Hajaona kipi kinamvuta mwenzake. Kijana mmoja wa idara aliwahi kufanya kosa hilo kwenye kitabu cha watu, na sauti ya Koleo siku hiyo ilisikika mpaka kwa walinzi wa getini.

Mwanamke wa namna hiyo, sasa, aliolewa na nani? Aliolewa na Minajili.

Mumewe alifundisha historia katika chuo hichohicho, na jina la utani alilipata kwa kuwa hakuweza kumaliza aya bila kusema "kwa minajili ya". Mtu mpole, mcheshi mezani, anayesimulia kisa ukashika mbavu. Mpe kalamu sasa. Kalamu ikimgusa mkononi alibadilika akawa waraka wa serikali. Watu waliwatania kwamba nyumba ile ilikuwa na maji na moto chini ya paa moja, nao wenyewe walikuwa wa kwanza kucheka. Siri ya amani yao ilikuwa mapatano ya tangu uchumba: Koleo hasomi maandishi ya mumewe mpaka yachapishwe. "Nikikuonyesha utanihariri mimi mwenyewe," alisema Minajili, "nibaki kiima na kitenzi."

Tasnifu yake ya uzamivu aliianza uzeeni, akiwa na mvi na wajukuu. Ilihusu bonde alikozaliwa. Alipokuwa mtoto, serikali ya wakati huo ilijenga bwawa la umeme, ikawahamisha watu wa bondeni. Milango ya bwawa ikafungwa kabla watu wa ng'ambo ya mto hawajatoka. Maji yakapanda. Kati ya waliozama alikuwamo mama yake Minajili, aliyekuwa amerudi ng'ambo kuchukua mbuzi. Minajili na dada yake mdogo walikuwa tayari wamepakiwa kwenye lori.

Dada huyo, ambaye kwa Koleo ni wifi, hakusoma sana, na ulimi wake haukuwa na breki. Maisha yake yote alitaka kujua kitu kimoja: nani alitoa mkono wake akaifunga ile milango. Ripoti ya wakati ule haikusema. Magazeti hayakusema. Minajili alitumia miaka kutafuta, mpaka akampata mzee mmoja aliyekuwa zamu siku ile, naye akakubali kusema kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe na sauti yake ifutwe kwenye kinasa. Minajili aliporudi kutoka kwenye mazungumzo hayo alikaa kitako uani, viatu havijavuliwa.

"Amekwambia?" mkewe aliuliza.

"Kaniambia."

"Ni nani?"

"Subiri utasoma," alisema Minajili, akaanza kuvua viatu. Sauti aliifuta kama alivyoahidi. Mzee yule akafa mwaka uliofuata.

Basi tasnifu ikaandikwa, ikapelekwa, na mtahini wa nje akairudisha. Maoni yake yalikuwa mafupi na makali. Alisema utafiti ni wa thamani kubwa ila hawezi kuupitisha, kwa sababu kurasa nyingi hazisemi nani alifanya nini, na sura ya nne, ambayo ndiyo moyo wa kazi, haisemi kabisa. Aiandike upya kwa nathari ya moja kwa moja, bila kupunguza usahihi. Minajili aliyapokea kiungwana. Alisema atarekebisha. Wiki hiyohiyo akaanguka bafuni kwa kiharusi.

Aliporudi kutoka hospitali mkono wake wa kulia ulikuwa umelala na maneno yote yamemtoka, isipokuwa moja. Alibaki na "ndiyo". Alilisema vizuri, kwa sauti yake ileile, na tabasamu la upande mmoja. Alipopewa kalamu mkono wa kushoto alichora mistari tu. Daktari alimweleza Koleo kwamba ugonjwa umegusa mahali pa lugha, na kwamba mgonjwa wa namna hii anaweza kuitikia jambo asilolielewa. Koleo aliitikia naye. Alisikia alichotaka kukisikia, nacho ni kwamba mumewe bado anaitikia.

Chuo kiliongeza muda. Msimamizi wa tasnifu, mtu mwenye roho nzuri na shati lililokunjamana daima, alikuja nyumbani kumwona mgonjwa, akambana Koleo mlangoni.

"Mama, wewe ndiye unayeweza kuiokoa. Mtahini hataki utafiti mpya. Anataka lugha tu."

"Lugha tu," alisema Koleo. "Haya. Leteni."

Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza tangu waoane, alifungua maandishi ya mumewe kabla hayajachapishwa. Alicheka, kisha akalia, kisha akachukua kalamu nyekundu. Sentensi ya kwanza kabisa ilisomeka, "Utekelezaji wa uhamishaji wa wakazi ulifanyika kufuatia ukamilishaji wa uidhinishaji wa tathmini ya mali." Alizungushia: utekelezaji, uhamishaji, ukamilishaji, uidhinishaji. "Tathmini ya mali" akaiacha ilivyo. "Ulifanyika" akalifuta, kwani lilikuwa halifanyi kazi yoyote ila kushikilia mizigo ya wengine. Kisha akauliza swali lake la siku zote. Tanbihi zilijibu: barua ya kamishna ilikuwepo, ripoti ya kikosi cha askari ilikuwepo. Akaandika, "Kamishna aliidhinisha tathmini ya mali. Kisha askari wakawahamisha wakazi." Neno "kufuatia" lilimsumbua asubuhi nzima. Je, askari walihamisha watu baada ya idhini, au kwa sababu ya idhini? Alitafuta ile barua mpaka akaipata, akaona haina amri ya kuhamisha mtu. Hivyo "kisha", wala si "kwa hiyo". Ndivyo alivyofanya sura tatu za mwanzo, neno kwa neno, ushahidi kwa ushahidi, na sura zile zilitoka safi.

Sura ya nne haikuwa na barua wala maandishi ya mahojiano. Tanbihi zake zilisema "Mahojiano, jina limehifadhiwa", moja baada ya nyingine, na katikati ilikaa sentensi hii: "Ufungaji wa milango ya bwawa ulifanyika kabla ya ukamilikaji wa zoezi la uhamishaji, hali iliyopelekea utokeaji wa upotevu wa maisha."

Wifi alikuwepo siku Koleo alipoisoma kwa sauti. Alikuwa akimlisha kaka yake uji.

"Rudia hapo mwisho," alisema.

"Utokeaji wa upotevu wa maisha."

"Upotevu?" Wifi aliweka kijiko chini. "Yalipotelea wapi? Mama yangu alizama, wifi. Alizama na mbuzi mkononi. Huyu naye ni mwanawe wa kumzaa, anaandika upotevu!" Akamgeukia kaka yake, akamfuta mdomo kwa hasira na mapenzi. "Nani alifunga, kaka? Si ulituambia tutasoma?"

"Ndiyo," alisema Minajili.

Koleo angeweza kuandika "milango ilifungwa" akapita zake. Wanafunzi wengi hufikia hapo wakadhani wamefika. Ni fupi, ina kitenzi, inasikika vizuri. Lakini aliyefunga bado yuko nyuma ya pazia, ila pazia limekuwa jepesi. Mtahini alikuwa ameuliza nani. Wifi alikuwa ameuliza nani. Na mtu pekee aliyejua alikuwa amekaa pale mbele yao na uji kidevuni.

Basi akabuni njia yake. Kila asubuhi, baada ya chai, aliketi karibu na kiti cha mumewe na kumsomea sentensi moja ya sura ya nne. Alikwishasoma nyaraka zote za bwawa, alijua nani alikuwa na mamlaka gani, kwa hiyo alianza na yule aliyemdhania zaidi. "Ni mkuu wa wilaya aliyeagiza malori yaondoke?" Ndiyo. "Ni karani aliyefuta familia za ng'ambo kwenye orodha?" Ndiyo. Akaandika. Hakupata "hapana" hata moja, na hilo halikumshtua. Alijisifu kimoyomoyo kwamba miaka yote ya kuwinda watendaji imemfundisha kuwanusa. Tena alifurahi, haya tuyaseme, alifurahi kama bibi harusi. Hatimaye walikuwa wakiandika pamoja.

Asubuhi ya sentensi ile kubwa alimshika mkono. "Ni mhandisi mkuu aliyefunga milango?"

"Ndiyo," alisema Minajili, akatabasamu.

Akaandika, "Mhandisi mkuu alifunga milango ya bwawa wakati familia za ng'ambo ya mto bado zilikuwa bondeni. Maji yaliwazamisha." Aliitazama. Hakuna pa kutia kalamu. Msimamizi aliposomewa kwa simu alisema, "Mama, hii imepita."

Wifi naye alisomewa. Alilia mpaka majirani wakaja, kisha akajifunga kitambaa kichwani akatoka. Mhandisi mkuu alikuwa bado hai, mzee mstaafu katika mji uleule, na nyumba yake ilijulikana. Wifi alimkuta barazani na wajukuu zake, akamwambia mbele yao kwamba yeye ndiye aliyemuua mama yake. Mzee alishika mkongojo akasimama. Alisema siku ile hakuwepo. "Wote husema hivyo," wifi aliwasimulia baadaye, na kwa mara ya kwanza tangu Koleo amjue, uso wake ulikuwa umetulia.

Ilibaki kusoma nakala safi mara ya mwisho. Koleo alimsomea mumewe sura nzima, polepole, kama mtu anayekula kitu kitamu asitake kiishe. Sentensi iliyotangulia ilimhusu mkuu wa wilaya. Macho yake yakachanganya mistari, akasoma, "Mkuu wa wilaya alifunga milango ya bwawa."

"Ndiyo," alisema Minajili, na tabasamu lake.

Koleo aliinua kichwa. Akajiambia kwamba hakusikia vizuri, kachoka tu. Akarekebisha: "Mhandisi mkuu alifunga milango ya bwawa."

"Ndiyo."

Aliweka karatasi chini, akajaribu jina la cheo baada ya cheo. Kamishna? Ndiyo. Karani? Ndiyo. Mpishi wa kambi? Ndiyo. Alivuta kiti karibu mpaka magoti yao yakagusana, akamtazama machoni, macho yaleyale mazuri yaliyomdanganya ujanani na sasa.

"Mume wangu. Ni mimi niliyefunga milango?"

"Ndiyo," alisema Minajili kwa upole, akampapasa shavu kwa mkono wake mzima.

Hapo ndipo alipoona kazi yake yote ilivyokuwa. Yeye, ambaye angemfokea mwanafunzi yeyote kwa kumtilia shahidi maneno mdomoni, alikuwa amejiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe sura nzima. Kila mtendaji katika sura ya nne alikuwa dhana yake iliyovikwa kitenzi kizuri. Na jibu la kweli, kama lilikuwa bado limo ndani ya kichwa kile, halikuwa na njia ya kutokea. Alilia bila kuficha. Minajili aliendelea kumpapasa shavu.

Alimwita msimamizi akamweleza yote. Yule mtu aliweka kikombe cha chai mezani.

"Huenda bado ni mhandisi," alisema.

"Huenda ndiye. Huenda siye."

"Nyaraka zinampa mamlaka. Inaelekea..."

"Nyaraka zinampa mamlaka. Hazimpi mkono mlangoni. Nikiandika inaelekea, naficha uongo ndani ya neno la heshima."

"Mama, nani atajua?"

Koleo alimsindikiza mlangoni. Baada ya kuondoka kwake alifungua sura ya nne akaanza kuirudisha nyuma. Mtendaji mmoja baada ya mwingine alimtoa. Alijaribu kurudisha sentensi ya mumewe kama ilivyokuwa, "ufungaji ulifanyika", akaona kwamba hata hiyo hawezi, kwa sababu Minajili aliiandika akijua jina lililo nyuma yake, na yeye Koleo halijui. Wala hakuweza kusema utafiti ulishindwa kumpata mtendaji, maana haukushindwa. Wala hakufahamu kama mumewe alificha kwa kumlinda yule mzee, au kwa uchungu, au ni ule ugonjwa wake wa zamani wa waraka wa serikali. Siku kadhaa alizunguka ndani ya sentensi moja. Mwishowe akaandika: "Milango ya bwawa ilifungwa wakati familia za ng'ambo ya mto bado zilikuwa bondeni. Watu walizama. Tasnifu hii haimtaji aliyeifunga."

Kila neno lilikuwa kweli. Msimamizi aliipeleka kwa shingo upande, na jopo la watahini likaikataa. Walisema lugha sasa ni ya mfano wa kuigwa, na kwamba sura ya nne haithibitishi chochote. Koleo aliposoma uamuzi huo hakuona pa kuupinga. Angekuwa yeye mtahini angeandika vivyo hivyo.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko jopo. Alimngojea wifi aje, akamkalisha, akamwambia taratibu, bila blanketi: kwamba alikosea, kwamba kaka yake huitikia lolote, kwamba mhandisi huenda hana hatia na sasa inabidi waende wote wawili wakamwombe radhi.

Wifi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama akaenda kwenye kiti cha mgonjwa, akainama.

"Kaka. Ni mhandisi?"

"Ndiyo."

"Umemsikia," wifi alimwambia Koleo.

"Muulize kama ni mkuu wa wilaya. Tafadhali, wifi. Muulize kama ni wewe. Uliza chochote kingine."

"Siulizi."

"Mara moja tu."

"Nimesema siulizi." Alimgeukia Koleo. "Miaka yote nimeishi bila mtu wa kumchukia, wewe hujui ilivyo. Ulinipa mtu. Sasa unataka kuninyang'anya, unipe nini?"

Wifi alimfunika kaka yake miguu, akachukua mkoba wake, akatoka kwenda kwa mhandisi kumwambia tena.